Kampuni Inapofilisiwa, Nani Alipwe Kwanza?

Muhula uliopita nilipewa zoezi la uhasibu: kuandaa taarifa ya mali na madeni ya kampuni inayofungwa. Jibu langu lilionyesha wadai wote wamelipwa hadi senti ya mwisho. Mwalimu aliniuliza, “Sasa hiyo kampuni imefilisiwa kwa nini?”

Taarifa hii huandaliwa na wakurugenzi na kukabidhiwa mfilisi. Haijali sana thamani ya vitabuni. Huuliza kila mali itauzwa kwa kiasi gani, na nani ana haki nayo kwanza.

Katika zoezi langu (hesabu zote ni milioni za shilingi) ghala lilitarajiwa kuuzwa 90, nalo ni dhamana ya benki inayodai 70. Benki huchukua chake palepale, na 20 inayobaki inarudi kwa wengine. Lori litauzwa 30, lakini mkopeshaji aliyelishika kama rehani anadai 45. Anachukua 30 yote, na 15 iliyopungua anaidai akiwa sawa na mdai asiye na dhamana.

Mali isiyofungwa na deni lolote ni bidhaa 18, fedha za wateja zinazotarajiwa 12, na taslimu 2. Jumla 32. Ongeza 20 ya ghala, zipo 52. Humo hutoka kwanza gharama za ufilisi, 6, kisha madeni ya kipaumbele kama mishahara ya wafanyakazi na kodi fulani, 16. Zinabaki 30.

Wauzaji wa bidhaa wanadai 45. Pamoja na ile 15 ya lori, ni 60. Kwa hiyo kila shilingi wanayodai wanapata senti 50. Wenye hisa wako nyuma yao, wa hisa za upendeleo mbele ya wale wa kawaida, na hapa wote hawaambulii kitu. Aliyesoma mirathi hatashangaa: warithi hawagawani kabla ya deni la marehemu kulipwa.

Kosa langu lilikuwa kwenye lori. Nilikwisha kumpunguzia mkopeshaji 30 katika deni lake, kisha nikaliandika lori tena kwenye mali huru. Zile 30 zikawa 60, wadai wote wakalipwa kamili! Mali iliyokwisha kulipa deni lake isionekane tena upande wa pili. Kinachovuka ni ziada au upungufu tu.

Hata hizo senti 50 ni makisio. Tuseme ghala limeuzwa 78 badala ya 90. Benki bado inapata 70 yake bila jasho. Ziada inashuka hadi 8, wale wa mwisho wanabakiwa na 18, na muuzaji aliyetegemea senti 50 anapewa 30.