Kipimo cha Moyo Shuleni: Jibu la "Mpakani" na Jibu la "Dhahiri"

Mtoto anaweza kuwa na mlango wa moyo ulioathirika na bado akacheza mpira hadi magharibi bila kuchoka. Ndiyo maana wahudumu wa afya hupeleka mashine ya altrasaundi shuleni, kwani wakitumia masikio na chombo cha kusikilizia kifua tu, watoto wengi wenye tatizo huwapita.

Chanzo cha tatizo hilo huwa ni maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili inayopigana na bakteria hao hugeuka na kushambulia milango ya moyo. Unaoumia zaidi ni mlango wa mitrali, upande wa kushoto. Unakuwa mnene, haufungi sawasawa, na damu inavuja kurudi nyuma.

Kupimwa hakuumi na hakuna mionzi. Mtoto anavua shati, analala kwa ubavu wa kushoto, anapakwa jeli kifuani, na baada ya dakika chache amemaliza. Lakini kipimo hiki cha kwanza hutenga tu watoto wa kuangaliwa tena. Jibu la kweli hutoka kwenye kipimo kamili, kinachosomwa na mtaalamu wa moyo. Mzazi asikubali mtoto aitwe mgonjwa kwa kipimo cha darasani peke yake.

Mtaalamu hutazama mambo mawili: uvujaji, na umbo la mlango. Uvujaji kidogo huonekana hata kwa watoto wazima kabisa. Unahesabiwa kuwa wa ugonjwa pale damu inaporudi kwa kasi kubwa muda wote moyo unapojikaza, ikaonekana kutoka pembe mbili, na mkondo wake ukafika sentimita 2 kwa mtoto wa kilo 30 au zaidi. Kwa umbo, anapima kama jani la mlango limefika milimita 3 kwa unene, kama nyuzi zinazolishikilia zimenenepa, na kama linajongea kwa shida au kupita kiasi.

Tuchukue wanafunzi wawili wa miaka 11, wote wa kilo 34. Wa kwanza ana mkondo wa sentimita 2.2 wenye sifa hizo zote, ila jani lake ni jembamba na linajongea vizuri. Huyu ni wa mpakani. Wa pili ana mkondo uleule, lakini jani lina milimita 4 na ncha yake imekakamaa. Huyu ana uvujaji pamoja na dalili mbili za umbo, kwa hiyo ni dhahiri. Katika mwongozo wa Shirikisho la Moyo Duniani wa mwaka 2023, wa kwanza huandikiwa hatua A na wa pili hatua B, kwa hiyo usishangae ukiona herufi kwenye karatasi.

Mpaka huo si ukuta. Milimita huweza kutofautiana kati ya msomaji mmoja na mwingine, na mtoto aliyepimwa akiwa na homa huweza kuonyesha uvujaji mkubwa kuliko alionao. Kama siku hiyo alikuwa anaumwa, mwambie mhudumu, arudiwe akipona.

Je, mtoto wa mpakani achomwe sindano? Utafiti uliofanyika Gulu, kaskazini mwa Uganda, ulipima zaidi ya watoto 100,000, kisha ukawafuatilia 818 wa mpakani na wa dhahiri wa hali nyepesi. Nusu yao walichomwa penisilini ya benzathini, ile wengi waiitayo penadua, kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Kati ya waliochomwa, hali ilizidi kwa asilimia 0.8 tu ya watoto. Kati ya wasiochomwa, ilizidi kwa asilimia 8.2 ya watoto. Ila karibu nusu ya watoto katika kila kundi walionekana nafuu, wakiwa na sindano au bila sindano. Sindano haishoni mlango ulioharibika, kazi yake ni kuzuia bakteria wasirudi kuuchokoza.

Kwa maoni yetu, wa dhahiri aanze sindano bila kusubiri, na aelezwe mapema kwamba ni safari ya miaka. Wa mpakani ni mazungumzo kati ya mzazi na daktari: wapo wanaoanza, wapo wanaorudia kipimo baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Katika hali hizi nyepesi, michezo haizuiwi. Sindano inauma pajani au takoni kwa siku moja au mbili. Mzio mkali ni nadra, ila hutokea, hivyo ichomwe kituoni penye dawa ya kuutibu na mtoto asiondoke papo hapo.

Na aliyeambiwa yuko salama? Kipimo kinaonyesha moyo wa siku ile tu. Akiumwa koo mwezi ujao, mpeleke kituo cha afya, na akiandikiwa dawa amalize dozi yote.