Ilani ya chapa: ushirika wa asali uahidi unachoweza kuthibitisha

Ilani ya chapa ni maelezo mafupi, yasiyozidi ukurasa mmoja, yanayoeleza ushirika unasimamia nini. Maneno ya lebo na yale ambayo muuzaji humwambia mteja hutoka humo.

Tuchukue mfano wa ushirika wa akina mama wa Baringo wanaouza asali ya migunga kando ya barabara ya Marigat, na sasa wanataka kuingia madukani Nakuru. Rasimu yao ya kwanza inasema: “Asali yetu ni safi, ya asili, bora kuliko zote, na inatibu kisukari.” Sifa tatu za kwanza zimeandikwa kwenye chupa nyingi sokoni, kwa hivyo hazimsaidii mteja kuchagua. Dai la nne ni la hatari. Asali ni sukari kwa wingi, nayo hupandisha sukari mwilini.

Ili kupata maneno yenye uzito, wanachama waulizane: ni asali gani tunayoikataa? Jibu la kwanza ni asali ya masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Hiyo haijaiva, ina maji mengi na huchacha dukani. Maji yasizidi asilimia 20, na tone moja kwenye kifaa kiitwacho refraktomita linatosha kupima. Jibu la pili ni asali yenye harufu ya moshi uliozidi wakati wa kuvuna.

Swali la ukuaji ndilo gumu zaidi. Sentensi “Asali yote hutoka kwenye mizinga yetu” ni ya kweli leo. Ukame ukija na oda zikizidi mavuno, watanunua kwa majirani, na ahadi itageuka uongo. Ni afadhali kuahidi kwamba kila chupa inaweza kufuatiliwa hadi kwa aliyevuna, yeyote yule.

Baada ya kusahihishwa, ilani inasomeka hivi:

“Tunavuna masega yaliyofunikwa. Tunapima kila ndoo, na yenye maji zaidi ya asilimia 20 hatuiuzi. Asali yenye harufu ya moshi tunairudisha. Hatuongezi kitu. Asali yetu ikiganda haijaharibika. Weka chupa katika maji ya vuguvugu. Nambari ya chupa inaonyesha nani alivuna, wapi na lini.”

Sentensi ya kuganda imewekwa kwa sababu wateja wengi hudhani asali iliyoganda imetiwa sukari.

Kabla ya kuchapisha, kila sentensi ipewe mwanachama wa kuisimamia na ukurasa wake katika daftari la mapokezi. Ndoo ikikataliwa, iandikwe, hata kama ni ya mwenyekiti. Sentensi isiyo na msimamizi wala rekodi ifutwe. Ilani hii haichukui nafasi ya alama ya ubora ya KEBS, ambayo maduka yatauliza kwanza.