SOMO LA ROBO HII: HERUFI NA TARAKIMU KWENYE KARATASI MOJA



Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotupata katika madarasa ya Jumamosi ya Handeni na Korogwe. Nusura tuandike kwenye taarifa ya wafadhili kwamba watoto wa kituo kimoja hawajui hesabu. Kosa halikuwa la watoto. Lilikuwa la karatasi tuliyoichora sisi wenyewe.

Wazazi wengi wameiona fomu ya kujibia ya mtihani wa darasa la saba. Baraza la Mitihani lilianza kuitumia mwaka 2012, na mwaka huo hesabu nazo zilijibiwa kwa kuchagua herufi tu. Baadaye karatasi ya Hisabati iligawanywa: maswali 40 ya kuchagua, ambayo mtoto aliyajibu kwa kutia kivuli kwa penseli, na maswali 5 ya mwisho ambayo aliyajibu kwa kuandika kwa kalamu ya wino. Hata kifaa cha kuandikia kilimwambia mtoto kwamba ameingia sehemu nyingine.

Sisi tulitaka jaribio linalosahihishwa kwa picha ya simu. Tuliweka maswali 20 ya kuchagua A hadi E, na maswali 5 ya kujaza namba. Kila swali la namba lilikuwa na safu tatu za viduara zinazoshuka kutoka 0 hadi 9: mamia, makumi na mamoja. Ili kubana karatasi, tulizipanga safu hizo bega kwa bega na maswali ya kuchagua.

Swali la 21 lilikuwa hivi: Mama ana magunia 5 ya mahindi, kila gunia debe 6. Ameuza debe 8. Zimebaki debe ngapi? Jibu ni 30 kutoa 8, yaani 22. Mtoto aliyepata alitia kivuli kwenye 2 ya makumi na kwenye 2 ya mamoja. Alama hizo mbili ziko kwenye mstari mmoja wa kulala.

Hapo ndipo penye kiini cha somo. Katika swali la kuchagua, alama mbili kwenye mstari mmoja maana yake mtoto amechagua mara mbili, na jibu hufutwa. Katika swali la namba, alama mbili kwenye mstari mmoja ni halali kabisa. Kinachokatazwa ni alama mbili kwenye safu moja inayoshuka. Kwa kuwa sehemu hizo zilikuwa zimebanana, na picha ilipigwa kwa upande, msomaji wa picha alitumia kanuni ya herufi kwenye tarakimu. Jibu sahihi likapewa sifuri.

Tuligunduaje? Juu ya kila safu tulikuwa tumeweka kisanduku cha kuandika tarakimu kwa mkono. Kituo kizima kilikuwa na sifuri kwenye namba, lakini visanduku vilionyesha 22. Kituo kizima kikipata sifuri katika aina moja tu ya maswali, kagueni karatasi kwanza.

Sasa tunafanya hivi. Sehemu A ya herufi iko juu, Sehemu B ya tarakimu iko chini, na kati yake kuna mstari mnene na nafasi tupu. Kila sehemu ina maelezo yake na mfano uliojazwa. Picha hupigwa kutoka juu, karatasi ikiwa imelala bapa bila kivuli cha mkono, na miraba minne myeusi ya pembeni yote ionekane.

Kwenye Sehemu B tunahesabu 22 na 022 kuwa jibu moja. Safu ya katikati ikiachwa wazi, au kisanduku kikitofautiana na viduara, karatasi hutazamwa na mtu. Hatuulizi swali lenye jibu la sehemu au desimali, kwa sababu safu hizo haziwezi kulibeba.

Mwisho, alama za sehemu mbili tunaziandika mbalimbali. Mtoto anayebahatisha maswali 20 yenye herufi tano hupata kama 4 kwa wastani. Kubahatisha namba ya tarakimu tatu ni nafasi moja katika elfu. Basi 3 za Sehemu B hazilingani na 3 za Sehemu A, na jumla peke yake ingeficha tofauti hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Mtoto amepata 12 kati ya 20 katika Sehemu A, na 0 kati ya 5 katika Sehemu B. Mtatazama nini kwanza kabla ya kumwita mzazi wake?
2. Jibu la swali ni 55. Chora viduara vyake, kisha umweleze jirani yako kwa nini si kosa.