GLASI ZIKIVUNJIKA NJIANI, HASARA NI YA NANI? ULIZA KABLA HUJATUMA HELA

Tuseme upo Newala na umeagiza Kariakoo glasi dazeni 20, kila dazeni sh. 18,000. Jumla sh. 360,000. Mzigo unafika, dazeni 4 zimevunjika. Sh. 72,000 hiyo analipa nani?

Wengi tunadhani ni muuzaji, kwa kuwa mzigo haujatufikia. Lakini chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kama hamkukubaliana vingine, muuzaji akishampa msafirishaji mzigo ili akuletee, kwa kawaida inahesabika amekukabidhi wewe. Kuanzia hapo hasara inaweza kuwa yako, hata kama basi bado halijatoka Dar. Kwa hiyo makubaliano yenu ndiyo kinga yako.

Kabla ya kulipa, mtumie meseji kama hii:

"Habari za kazi kaka. Kabla sijalipia glasi dazeni 20, naomba tuelewane hasara ni ya nani:
1. Zikivunjika dukani au kwa kufungwa vibaya?
2. Kutoka dukani hadi ofisi ya basi?
3. Ndani ya basi, Dar hadi Masasi?
4. Masasi hadi Newala, gari nitatafuta mwenyewe. Hapo nabeba mimi.
Zikipungua au kuvunjika upande wako, utarudisha hela au utatuma nyingine? Niripoti ndani ya muda gani?"

Akijibu "usijali dada, mzigo utafika", hajajibu. Mrudie kwa upole: "Nashukuru kaka, naomba jibu kwa kila namba."

Muuzaji wengi hukubali namba 1 na 2, namba 3 wanaikataa. Si lazima uachane naye. Mwombe aandike kwenye risiti ya basi idadi ya maboksi, thamani yake na neno "vioo", kisha akutumie picha ya risiti na ya maboksi yakiwa yamefungwa. Soma pia masharti ya risiti hiyo, maana baadhi ya mabasi huweka kikomo cha fidia au hukataa kabisa vitu vya kuvunjika. Hapo utajua hatari unayobeba, na utaiweka kwenye bei yako.

Mzigo ukifika Masasi, usisaini haraka. Hesabu maboksi na uyafungue palepale huku ukirekodi video. Boksi likiwa limebonyea au limelowa, uliza basi. Likiwa zima nje lakini ndani glasi zimegongana bila karatasi katikati, hiyo ni dalili ya ufungaji mbaya, namba 1. Ukifungulia Newala, kila mtu atasema zimevunjikia kwenye gari lako, na hutakuwa na cha kumjibu.

Majibu yake yakiwa ya maandishi na yamekuridhisha, ndipo utume hela.