SOMO LA MWEZI: Mistari Mitatu Juu ya Karatasi ya Kompyuta



Siku hizi vikundi vingi vina mtu mmoja au wawili wanaofanya kazi ya ofisi mjini, na hao ndio wanaotuandikia masomo ya kutumia Excel kwa hesabu za kikundi. Somo linachapwa karatasi moja, linapigwa kopi, na baada ya mwezi limeshafika kikundi cha tatu au cha nne. Hilo ni jema. Lakini tumeona karatasi nyingi ambazo juu yake pameandikwa tu "Somo la Excel" au "Fomula muhimu". Leo tunasoma juu ya mistari mitatu inayotakiwa kukaa juu ya kila karatasi ya namna hiyo: jina la fomula, kazi inayofanywa na fomula hiyo, na toleo la programu iliyotumika. Watu wa maktaba na wa kompyuta huita maelezo kama hayo metadata, yaani habari zinazoeleza habari nyingine. Ni kama kibandiko kwenye chupa ya dawa: hakiponyi, lakini bila hicho humpi mtoto dawa.

Mstari wa tatu, ule wa toleo, ndio unaoachwa mara nyingi, na ndio unaoweza kuleta hasara ya pesa. Basi tuanze na huo, kwa mfano.

Tuseme kuna kikundi mjini Thika chenye wanachama 24. Karani wao anatumia Excel 2021 kazini. Katika faili la kikundi ana ukurasa uitwao Mikopo: safu A ina nambari ya mwanachama, safu B jina, safu C deni lililobaki. Wanaoandikwa humo ni wale tu wenye mkopo. Kwenye ukurasa wa pili anaandika nambari ya mwanachama katika seli A2, na kando yake anataka kuona deni. Akaweka fomula hii:

```
=IFERROR(XLOOKUP(A2,Mikopo!A:A,Mikopo!C:C),0)
```

Tuisome polepole. XLOOKUP inachukua nambari iliyo A2, inaitafuta katika safu A ya Mikopo, na ikiipata inarudisha kilicho katika safu C kwenye mstari uleule. IFERROR inasema: kukitokea kosa lolote, onyesha 0. Kwa karani huyo hiyo ni sawa kabisa. Asiyepatikana kwenye orodha ya mikopo hana mkopo, kwa hiyo deni lake ni 0. Mwanachama nambari 7 ana deni la shilingi 14,500, na akiandika 7 anaona 14500. Akiandika 9, ambaye hajakopa, anaona 0.

Karatasi hiyo sasa inafika kwa kikundi kingine, Ruiru, ambao kompyuta yao ina Excel 2016. Mweka hazina wao anatengeneza kurasa zilezile, anaichapa fomula herufi kwa herufi, bila kukosea hata mkato. Anaandika nambari ya mama mmoja anayehama na anayetaka akiba yake ya shilingi 20,000. Kompyuta inasema deni ni 0. Anaandika nambari ya mwingine: 0. Mama analipwa akiba yake yote na kwenda zake, kumbe bado alikuwa na mkopo wa shilingi 9,200. Sasa wadhamini wake ndio wanaotafutwa.

Nini kimetokea? Excel 2016 haiijui XLOOKUP. Microsoft ilitangaza fomula hiyo mwaka 2019, ikaja kwa wenye Microsoft 365 na baadaye katika Excel 2021. Excel 2016 haina, na hata Excel 2019 haina, ijapokuwa jina lake lina mwaka uleule wa kutangazwa. (Hapo wengi hudanganyika.) Programu isiyoijua fomula hutoa kosa la #NAME?, maana yake "jina hili silifahamu". Kosa hilo lingeonekana, mweka hazina angeshtuka. Lakini IFERROR iliambiwa ifunike kila kosa kwa 0, nayo ikafunika. Kwa hiyo 0 ya "hana mkopo" na 0 ya "sijui unaniuliza nini" zikafanana kama mapacha.

Faili lenyewe likitumwa badala ya karatasi, mambo huenda kwa njia nyingine kidogo. Ukilifungua kwenye Excel ya zamani, majibu yaliyohifadhiwa huonekana sawa mwanzoni, 14500 mahali pake. Ukibadilisha nambari au deni, fomula inahesabu upya na hapo ndipo inaharibika. Dalili ipo: bonyeza seli yenye jibu na utazame mstari wa fomula juu. Ukiona _xlfn. mbele ya jina la fomula, kama hivi, ujue toleo lako haliifahamu:

```
=IFERROR(_xlfn.XLOOKUP(A2,Mikopo!A:A,Mikopo!C:C),0)
```

Usiifute hiyo _xlfn. ukidhani ni takataka iliyoingia. Kuifuta hakuifundishi programu fomula mpya.

Kwa kompyuta ya zamani kuna VLOOKUP, ambayo imekuwepo miaka mingi sana na inafanya kazi hii vizuri. Ila tubadilishe kitu kimoja kwanza: katika ukurasa wa Mikopo tuandike wanachama wote, na asiye na mkopo tumwekee 0 kwa mkono. Hapo mtu asiyepatikana ni nambari iliyokosewa tu, wala siyo mtu asiye na deni. Kisha:

```
=IFNA(VLOOKUP(A2,Mikopo!A:C,3,FALSE),"Hayumo")
```

Hiyo 3 ni safu ya tatu, yaani deni. FALSE inadai nambari ileile hasa. Mkiiacha, Excel inatafuta nambari ya karibu na kuchukulia kwamba orodha imepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Orodha isiyopangwa hivyo inaweza kukupa deni la mtu mwingine bila onyo lolote. Na IFNA hufunika kosa moja tu, lile la kutopatikana. Ikiwa kuna #NAME? itaachwa wazi muione. Lakini angalieni, IFNA yenyewe ilianza na Excel 2013. Mwenye Excel 2010 aandike VLOOKUP peke yake, na asiyepatikana ataonekana kama #N/A. Si nzuri kwa macho, lakini haidanganyi.

Basi karatasi ya Thika ingekuwa na mistari hii juu:

Fomula: XLOOKUP ndani ya IFERROR.
Kazi: Nina nambari ya mwanachama, nataka deni lake, orodha ina waliokopa tu.
Toleo: Imejaribiwa Excel 2021. Haifanyi kazi Excel 2019 na za kabla yake.

Mweka hazina wa Ruiru angesoma mstari wa tatu na kusimama papo hapo.

Mstari wa kazi nao una namna yake. Msiandike "Matumizi ya XLOOKUP", kwa sababu anayehitaji somo hilo mara nyingi hajawahi kulisikia jina XLOOKUP. Yeye anajua shida yake tu. Andikeni alicho nacho mkononi na anachokitafuta, kwa maneno ambayo angeyatumia kikaoni: "nina nambari, nataka deni". Na kama fomula inategemea orodha iliyopangwa kwa namna fulani, litajeni hapo, kama tulivyosema "waliokopa tu".

Kujua toleo la kompyuta yenu si kazi. Katika Excel 2013 na zilizofuata, bonyeza File, kisha Account. Utaona jina la programu, na ukibonyeza About Excel utaona maelezo zaidi. Wanaotumia LibreOffice, ambayo hailipiwi, waende Help kisha About LibreOffice. Humo XLOOKUP iliingia katika toleo 24.8, la Agosti 2024. Iliyo chini ya hapo haina. Google Sheets imekuwa na XLOOKUP tangu 2022. Hiyo hubadilishwa na wenyewe huko iliko, na mtumiaji haoni nambari ya toleo, kwa hiyo andikeni tarehe mliyoijaribu. Microsoft 365 pia hubadilika kila mara. Andikeni nambari ya Version mnayoiona pamoja na mwezi na mwaka.

Ndani ya faili pia kuna mahali pa kuweka maelezo haya. Katika Excel nenda File, kisha Info. Upande wa kulia kuna Title na Tags. Katika Title andika kazi, katika Tags weka jina la fomula na toleo. Hayo husaidia mnapotafuta faili kati ya mengine mengi. Yana upungufu wake, hata hivyo. Ukichapa karatasi hayatoki. Mtu akipiga picha ya skrini na kuituma kwa WhatsApp, picha haiyabebi. Ndiyo sababu tunasisitiza mistari mitatu iwe juu ya ukurasa wenyewe, mahali ambapo hata mpiga picha mvivu hawezi kuikata, na jina la faili nalo liseme kitu, kwa mfano "deni-la-mwanachama-XLOOKUP-Excel2021".

Zoezi la kikundi: leteni kikaoni karatasi zote za masomo ya kompyuta mlizo nazo. Kwa kila moja, ulizeni ni nani aliyeiandika na alitumia programu gani. Kama yupo, aongeze mistari mitatu kwa kalamu hapo hapo. Kama hayupo, ijaribuni kwenye kompyuta yenu kwa nambari tatu ambazo majibu yake mnayajua kutoka kitabu cha mikopo cha mkono: mwanachama mwenye deni, mwanachama asiye na deni, na nambari isiyo ya mtu yeyote. Kwa fomula yetu ya VLOOKUP majibu yawe kiasi cha deni, 0, na "Hayumo". Fomula ikitoa 0 kwa zote tatu, wekeni karatasi hiyo kando na msimlipe mtu yeyote akiba kwa kuitegemea hadi aliyeiandika apatikane. Ikipita, andikeni toleo lenu na tarehe ya kujaribu, kisha muipeleke kwa kikundi kinachofuata.