Dondoo muhimu: Swali linalomtuma mwanafunzi gengeni

Swali la "Eleza sababu za bei ya mazao kupanda na kushuka" akili mnemba hulimaliza kwa sekunde chache, tena kwa mpangilio bora kuliko wa mwanafunzi. Libadilishe hivi: "Nenda genge la karibu na kwenu siku mbili tofauti. Andika bei ya fungu la nyanya, hesabu nyanya zilizomo, kisha muulize muuzaji kwa nini leo si kama juzi."

Kuhesabu ndiko kunakofichua. Mara nyingi muuzaji hagusi bei: fungu hubaki shilingi 1,000, ila nyanya sita zimekuwa nne. Jibu la kubuni hupandisha bei tu, kwa tarakimu zilizonyooka mno.

Mwishoni uliza: "Ulitarajia kukuta nini, na nini kilikushangaza?" Tafakuri peke yake haitoshi, maana akili mnemba inajua kusimulia mshangao wa uongo vizuri tu. Ndiyo maana daftari la rafu, lenye tarehe na saa, likusanywe pamoja na insha. Katika alama 20, toa 8 kwa kumbukumbu za gengeni, 8 kwa maelezo yanayozitumia, na 4 kwa dakika mbili za maswali ya mdomo.

Kabla ya kuligawa, lijaribu swali lako kwenye akili mnemba. Jibu lake likivuka nusu ya alama zako, andika swali upya. Asiye na genge karibu achunguze mafuta ya kupima dukani.