Barua ya Biashara: Kuomba Mali Kauli kwa Siku 30

Swali la mfano

Wewe ni mmiliki wa Duka la Kona lililopo Makambako. Kwa mwaka mzima umekuwa ukinunua bidhaa kwa fedha taslimu kutoka duka moja la jumla la Iringa. Mwandikie meneja wa mauzo wa duka hilo barua ya kuomba kuuziwa bidhaa kwa mkopo wa siku 30.

Kabla ya kuandika

Wanafunzi wengi wakisoma swali hili hukimbilia anwani na tarehe. Muundo wa barua rasmi unaujua tayari: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, kichwa cha habari, kiini, mwisho, sahihi na jina. Hapo hutapoteza alama nyingi. Alama hupotea kwenye kiini, kwa sababu mwanafunzi anaomba kitu ambacho hajakielewa.

Kwanza elewa kinachoombwa. Mwenye duka haombi fedha. Anaomba mali kauli, yaani achukue bidhaa leo, auze, kisha alipe baadaye kwa tarehe waliyokubaliana. Hatari yote inahamia kwa muuzaji wa jumla. Mzigo ukishashushwa Makambako na deni lisipolipwa, yeye wa Iringa hana tena sabuni wala fedha. Basi barua nzuri ni ile inayojibu maswali atakayojiuliza meneja akiwa mezani kwake: huyu atanidai, samahani, nitamdai kiasi gani kwa wakati mmoja? Atalipa kutoka wapi? Na akichelewa, nitafanya nini?

Swali la kwanza ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo tulipigie hesabu. Tuseme duka linaagiza mzigo wa shilingi 1,200,000 kila baada ya wiki mbili. Mwanafunzi huandika, "naomba mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa siku 30", akidhani deni ni la mzigo mmoja. Sivyo. Mzigo wa kwanza ukifika tarehe 1 Machi, malipo yake ni tarehe 31 Machi. Kabla ya siku hiyo, mzigo wa pili utakuwa umefika tarehe 15 na wa tatu tarehe 29. Kwa hiyo tarehe 29 Machi duka linadaiwa mizigo mitatu, yaani shilingi 3,600,000. Meneja anaijua hesabu hii vizuri. Akiona barua inataja shilingi 1,200,000, atajua mwombaji hajui deni lake mwenyewe litakuwa kiasi gani, na huyo ndiye mtu wa kuogopwa kukopeshwa.

Kuna njia ya kupunguza mzigo huo wa deni. Bidhaa za duka haziuziki kwa kasi moja. Sukari, unga na mafuta ya kula huisha ndani ya wiki mbili, hivyo fedha yake hurudi kabla ya safari inayofuata, na mwenye duka anaweza kuendelea kuzilipia taslimu. Sabuni, madaftari, viberiti na dawa za meno hukaa rafuni wiki tatu hadi nne. Hizo ndizo zinazofunga mtaji, na ndizo zinazostahili siku 30. Ikiwa ni nusu ya mzigo, mkopo ni shilingi 600,000 kila mara, na deni la juu kabisa ni mara tatu yake: shilingi 1,800,000. Sasa una kiasi cha kuomba na una sababu ya kukiomba.

Barua yenyewe

Duka la Kona,
S.L.P. 00,
Makambako.

10 Februari 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Jumla,
S.L.P. 00,
Iringa.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUUZIWA BIDHAA KWA MKOPO WA SIKU 30

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kuuziwa kwa mkopo wa siku 30 nusu ya kila mzigo ninaoagiza kwenu, kuanzia mzigo wa tarehe 1 Machi 2025. Naomba siku hizo zihesabiwe kuanzia tarehe ya ankara.

Kuanzia Januari hadi Desemba 2024 nilinunua bidhaa kwenu mara 26, kila baada ya wiki mbili, kwa wastani wa shilingi 1,200,000 kwa mzigo. Jumla ni shilingi 31,200,000, na kila mzigo niliulipia taslimu kabla ya kupakiwa. Nakala za risiti nimeziambatisha.

Sukari, unga na mafuta ya kula nitaendelea kulipia taslimu, kwa kuwa huisha ndani ya wiki mbili. Mkopo ninaouomba ni wa sabuni, madaftari, viberiti na dawa za meno, ambazo huchukua wiki tatu hadi nne kuuzika. Kwa sasa fedha inayokaa kwenye bidhaa hizo ndiyo inayonifanya nipungukiwe sukari na unga siku chache kabla ya mzigo mpya.

Thamani ya mkopo itakuwa shilingi 600,000 kwa kila mzigo. Kwa kuwa mizigo mitatu itakuwa imefika kabla ya ankara ya kwanza kulipwa, naomba ukomo wa deni uwe shilingi 1,800,000. Nitalipa kila ankara kupitia akaunti yenu ya benki kabla au ifikapo siku ya 30. Ankara yoyote ikipita siku hiyo bila kulipwa, nakubali msitishe mkopo wa mzigo unaofuata hadi nitakapoilipa.

Nimeambatisha pia nakala ya leseni ya biashara, cheti cha namba ya mlipakodi, na barua kutoka kwa mwoka mikate wa hapa Makambako ambaye huniachia mikate na kukusanya fedha yake kila Jumamosi. Iwapo bei za mkopo zinatofautiana na bei za taslimu, naomba nijulishwe kabla ya tarehe 1 Machi.

Natanguliza shukrani.

Wako katika biashara,

(Sahihi)
(Jina)
Mmiliki, Duka la Kona

Maelezo ya barua

Angalia ombi lilipokaa. Limetajwa katika aya ya kwanza, likiwa kamili: nini, kwa muda gani, kuanzia lini. Meneja anayepokea barua nyingi hapaswi kufika aya ya nne ndipo ajue anaombwa nini. Neno "kuanzia tarehe ya ankara" linaonekana dogo, lakini bila hilo ugomvi unakuja wenyewe. Ankara ikiandikwa Iringa Alhamisi na mzigo ukafika Makambako Jumamosi, mmoja atahesabu kuanzia Alhamisi na mwingine Jumamosi. Mwombaji amechagua hesabu inayompendelea mkopeshaji, na amefanya hivyo kwa makusudi.

Aya ya pili inahitaji uangalifu. Mwaka mzima wa kulipa taslimu ni ushahidi mzuri, lakini ni ushahidi wa nini? Unaonyesha kwamba duka lipo, linauza, na mwenyewe anarudi. Hauonyeshi kwamba hulipa madeni, maana kwa muuzaji huyu hajawahi kuwa na deni. Wanafunzi huandika "nimekuwa mwaminifu kwa mwaka mzima" wakadhani wamemaliza. Meneja anaweza kujibu kwamba mtu anayelipa kabla ya kupakia hana nafasi ya kukosa uaminifu. Ndiyo maana barua imeongeza mambo mawili: barua ya mwoka mikate, ambaye kweli humwachia mali na kulipwa baadaye, hata kama ni kwa kiasi kidogo, na kibali cha kusitishiwa mkopo akichelewa. Hilo la pili lina uzito zaidi kuliko kiapo chochote, kwa sababu linamwambia meneja hasara yake itaishia wapi.

Sababu ya ombi nayo ina namna yake. Katika karatasi nilizosahihisha, karibu kila darasa lina wachache wanaoeleza ada za watoto, ugonjwa wa mzazi au ugumu wa maisha. Huruma ina mahali pake, ila hapa inamtia meneja hofu: mwenye shida nyumbani atatumia fedha ya mauzo kutatua shida hizo kwanza. Sababu inayofaa ni ya kibiashara, na ionyeshe kwamba bidhaa zenyewe zitalipa deni. Sabuni inayouzika kwa wiki nne inaweza kujilipia katika siku 30. Mtu akiomba siku 30 kwa bidhaa inayokaa rafuni miezi mitatu, siku ya malipo itafika sabuni ikiwa bado ipo dukani.

Epuka pia vitisho vya chini chini, kama "nisipokubaliwa nitalazimika kutafuta duka lingine". Meneja asiyekujua kwa deni hatababaika.

Kuhusu bei, kumbuka mali kauli mara nyingi si bure. Wauzaji wengi wa jumla huwa na bei mbili, au hutoa punguzo kwa anayelipa taslimu. Tuseme katoni ya sabuni ni shilingi 24,000 kwa taslimu na 24,600 kwa mkopo, na mwenye duka huiuza shilingi 27,000. Faida yake inashuka kutoka 3,000 hadi 2,400 kwa katoni. Bado anaweza kukubali, kwa kuwa fedha iliyokuwa imefungwa kwenye sabuni sasa inanunua sukari. Lakini ni lazima ajue kabla ya mzigo wa kwanza, ndiyo maana sentensi hiyo imewekwa kwenye barua.

Mwisho, lugha. "Wako mtiifu" humfaa mwajiriwa anayemwandikia mkuu wake. Mteja na muuzaji ni washirika, kwa hiyo "Wako katika biashara" linatosha. Maneno kama "naomba", "nakubali" na "nitalipa" yamebeba heshima ya kutosha bila ya kunyenyekea kupita kiasi.

Zoezi

1. Meneja amejibu kwamba anakubali mkopo wa nusu ya mzigo, lakini kwa siku 21 tu kuanzia tarehe ya ankara. Kwa kutumia tarehe za mizigo ya 1, 15 na 29 Machi, onyesha deni la juu kabisa la Duka la Kona litakuwa kiasi gani. Kisha taja ni bidhaa zipi kati ya zile nne utaziondoa kwenye mkopo, ukieleza sababu.

2. Andika upya aya ya nne ya barua endapo duka linaagiza mzigo wa shilingi 900,000 kila wiki, na theluthi moja yake tu ndiyo inayoombwa kwa mkopo wa siku 30.

3. Ukiwa meneja wa mauzo, andika barua ya kulikataa ombi hili bila kumpoteza mteja. Taja jambo moja ambalo mwenye duka akilifanya kwa miezi mitatu, utalifikiria ombi lake upya.